Wasifu wa kutafuta ndoa usioleta majibu yanayofaa: dalili, sababu na marekebisho

Binti wa kaka yangu ana umri wa miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi, na anaishi Kigoma mjini, ingawa kwao ni Ujiji. Aliolewa, akaachika, na ana mtoto wa kiume wa miaka 9. Mwaka huu aliamua kutafuta mume kupitia mtandao, na wiki tatu baada ya kuweka wasifu wake alinijia akiwa amechoka, kwa sababu ujumbe ulikuwa unaingia kila siku lakini hakuwa amepata hata mtu mmoja ambaye angethubutu kumtaja mbele ya baba yake. Nilimwomba anisomee alichoandika, naye ameniruhusu nikinukuu:

«Mimi ni dada wa miaka 34, nipo Kigoma. Natafuta mume aliye siriasi, mcha Mungu, awe na kazi, awe na miaka 38 hadi 45, asiwe mlevi, asiwe mume wa mtu. Wazinguaji sihitaji. Familia yangu ni ya heshima na ina misimamo yake. Aliye tayari aje inboksi.»

Maneno hayo hayana uongo wowote. Hata hivyo, yana karibu kasoro zote ninazokutana nazo kwa watu wazima wanaotafuta ndoa huku wazazi wao wakiwa na matarajio yao, na kwa kuwa kila kasoro huleta dalili yake, inafaa kuanza na dalili na kurudi nyuma hadi kwenye sentensi iliyoisababisha.

Dalili: ujumbe ni mwingi, lakini wote ni wa «mambo» na «naomba namba»

Nilimwomba tufungue ujumbe kumi wa kwanza kutoka kwa watu kumi tofauti, tukahesabu ni wangapi waliogusa jambo lolote lililoandikwa kwenye wasifu. Hakukuwa na hata mmoja. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kila mara, kwa sababu kinaonyesha kama watu wanasoma au wanaona picha tu. Wakiwa sifuri au mmoja kati ya kumi, kasoro iko kwenye sentensi inayotaja nia. Wakiwa watano na bado hawafai, nia imeeleweka, na tatizo liko mahali pengine.

Sababu ni kwamba neno «siriasi» hutumiwa na kila mtu, akiwemo mwanamume mwenye mke nyumbani anayetafuta wa pembeni, na kwa hiyo halimzuii yeyote. Kumwambia mzinguaji kwamba hahitajiki nako hakumfukuzi, kwa kuwa hakuna mtu anayejiita mzinguaji. Kinachomfanya mtu wa mzaha apite ni sentensi inayomwonyesha kwamba akijibu ataulizwa mambo mahususi, nayo ni matatu: hali yako ya ndoa kwa sasa, muda unaoufikiria, na hatua unazotarajia mpitie.

Kuhusu hali ya ndoa, binti yetu aliogopa kuandika kwamba ameachika na kwamba ana mtoto, akiamini kuwa atayaeleza baadaye mtu akishamzoea. Nilimshauri ayaweke katika mistari mitatu ya kwanza. Mwanamume ambaye hawezi kulea mtoto wa mwenzake atapita bila kumjeruhi, na yule atakayeandika atakuwa ameshavuka jambo ambalo lingemshtua baada ya mwezi wa mazungumzo. Aandike pia kwamba talaka imekamilika mahakamani na eda imekwisha, kwa kuwa neno «nimeachana» peke yake linaweza kumaanisha tu kwamba watu wawili hawalali tena nyumba moja.

Kuhusu muda, jihadhari na pande zote mbili. Anayeandika «ndoa ndani ya miezi mitatu» huwavuta wenye haraka ya kitu kingine, na asiyetaja muda wowote hukaribisha uchumba wa miaka mitano. Yeye aliandika «ndani ya mwaka mmoja tangu kufahamiana», muda unaotosha watu wawili kujuana, mshenga kuja, barua ya posa kujibiwa na shughuli kuandaliwa.

Kuna jambo moja katika kipengele hiki ambalo wanawake wengi wa Kiislamu huliacha bila kujua. Sentensi «asiwe mume wa mtu» inahusu hali ya mwanamume leo, na haisemi lolote juu ya kesho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, na ndoa inayofungwa kwa taratibu za Kiislamu au za kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwanamume asiye na mke hata mmoja anaweza kutimiza sharti hilo kikamilifu na bado akawa na nia ya kuoa wa pili baada ya miaka mitatu. Kama unataka ndoa ya mke mmoja, andika maneno hayo hayo: «ndoa ya mke mmoja». Na mwanamume mwenye mke anayetafuta wa pili anapaswa kulisema hilo waziwazi katika mstari wa kwanza, maana wapo wanawake watakaokubali, na wale wasiokubali wana haki ya kulijua kabla ya kujibu salamu.

Dalili: watu wazima wanaofaa wanasoma na kupita kimya

Dalili hii ni ngumu zaidi kuiona, kwa kuwa kimya hakitoi ushahidi. Njia niliyonayo ni kumpa wasifu mtu mmoja wa jinsia na rika unalolitafuta, ambaye hana sababu ya kukupendeza, na kumuuliza anadhani mwandishi ni mtu wa namna gani. Nilimsomea jirani yangu, mzee mjane wa miaka 47 anayeuza dagaa kutoka Kibirizi, bila kumtajia mwandishi. Alisikiliza hadi mwisho akasema, «Huyu amekasirika na mtu, na mimi simo katika ugomvi huo.»

Sababu imo katika sarufi yenyewe. Anzisha sentensi kwa «awe» na «asiwe», uzifuatanishe nne au tano, na utapata lugha ya tangazo la ajira au ya hakimu anayesoma masharti ya dhamana. Hesabu vitenzi vya aina hiyo kwenye maandishi yako. Vikizidi vitatu, chukua kila kimoja ujiulize kinalinda nini, kisha eleza kile kinacholindwa kama sehemu ya maisha yako. Binti huyu alitaka «asiwe mlevi» kwa sababu ndoa ya kwanza iliharibiwa na pombe na hataki mwanawe aione tena. Si lazima asimulie hayo kwa watu asiowajua. Aliandika hivi: «Nyumba niliyolelewa haikuwa na pombe, na yangu pia haina.» Mlevi anaelewa, na asiye mlevi haoni kwamba amenyooshewa kidole.

«Awe na kazi» pia ilimgharimu. Hapa kwetu neno kazi, likisimama peke yake katika maandishi, husomwa kama ajira ya mshahara. Mwenye mtumbwi wa kuvulia, fundi seremala au mfanyabiashara wa mawese, ambaye pengine anaendesha nyumba vizuri kuliko mwajiriwa, atajiona ameachwa nje. Nilipomuuliza alichokuwa anataka, jibu lilikuwa «mtu anayejilisha na asiyetegemea mshahara wangu», na maneno «shughuli halali inayomtosha kuendesha nyumba» yanabeba hayo yote.

Dalili: mazungumzo yanakwenda vizuri, kisha mtu anatoweka jamaa wanapotajwa

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ndipo watu wazuri wanapopotea. Wawili kati ya waliomwandikia katika wiki zile tatu walikuwa wameanza kuongea kama watu wazima. Mmoja aliacha kujibu siku alipoambiwa kwamba baba angetaka kumwona mshenga kwanza, na mwingine alisema hakujua kwamba «mambo yenyewe ni makubwa hivyo».

Sentensi «familia yangu ni ya heshima na ina misimamo yake» inatangaza kwamba kuna ukuta bila kuonyesha mlango. Msomaji hulazimika kukisia, na mtu anayekisia juu ya wakwe hukisia mabaya: mahari isiyolipika, ubaguzi wa kabila, baba mkali. Dawa yake ni kutaja matarajio yenyewe, lakini huwezi kuyataja kama huyajui. Binti huyu alidhani anayajua. Nilipomuuliza, alitaja mambo ambayo baba yake hajawahi kuyasema, na akasahau moja ambalo baba hulisema kila siku.

Basi nilikwenda kwa kaka yangu, kwa kuwa kazi hiyo kwetu ni ya shangazi. Sikumuuliza anataka mkwe wa namna gani, kwani swali hilo huleta orodha isiyokwisha. Nilimwacha ataje yote aliyokuwa nayo, nayo yakawa matano: mkwe awe Muislamu, mshenga atangulie kabla mchumba hajaingia nyumbani, mahari ipangwe na wazee, mkwe awe mtu wa Kigoma, na mjukuu abaki kwa babu yake. Kisha nikamuuliza, «Kaka, katika haya matano, ni lipi likikosekana utakataa kusimama kuwa walii?»

Alinyamaza kwa muda. «Dini,» alisema. «Na mshenga. Siwezi kumpokea mtu ambaye hakutumwa na mtu.»

«Na Kigoma?»

«Kigoma ni kwa sababu nazeeka, sitaki anichukulie mtoto mpaka Dar es Salaam nisimwone tena.»

Jibu hilo la mwisho lilibadilisha wasifu mzima. Sharti la mahali lilikuwa hofu ya umbali, na hofu ya umbali ina majibu mengine, kama vile kurudi nyumbani kila likizo ya shule. Nimewahi kuona kosa la aina hiyo likiachwa bila kuulizwa. Kijana wa Urambo, mtoto wa rafiki yangu, aliandika kwamba anatafuta Mnyamwezi kwa kuwa mama yake alisema hivyo, na mwaka mzima ukapita kabla mama hajaeleza kwamba alichokiogopa ni mkwe atakayekataa kulala kijijini. Mwanamke Muha aliyelelewa shambani Kasulu angeweza kabisa kulala kijijini, lakini sentensi ilikuwa imeshamfungia nje.

Baada ya kuuliza, yapange matarajio katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo wewe mwenyewe hutayabadilisha, hata wazazi wakisema vinginevyo. Kwa binti huyu lilikuwa mtoto kukaa naye, na hilo ilibidi alimalize na baba yake nyumbani, kwa sababu si la kumtwisha mgeni. Fungu la pili ni yale ambayo wazazi hawatayabadilisha, na haya huandikwa kwa ufupi, kama taarifa za njia inavyopita. Fungu la tatu ni yale yanayozungumzika, nayo hayaingii kwenye wasifu kabisa, kwa kuwa ukiyaandika yanageuka kuwa masharti.

Mahari iko katika fungu la tatu, na ninasisitiza kwamba kiasi kisiandikwe, kiwe kikubwa au kidogo. Anayeandika kiasi kikubwa anamfanya msomaji apige hesabu kabla hajamfahamu mtu, na anayeandika «mahari si tatizo» anawasemea wazee jambo ambalo hakupewa kulisemea, nao watakapolisikia watakasirika kwa haki. Kisheria, ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa, na mwanamke aliyetimiza miaka 18 hahitaji idhini ya mzazi ili sheria ya nchi imtambue kuwa ameolewa. Nayataja haya kwa sababu yanasaidia kujua ni kitu gani unakiandika kwa hiari. Binti wa kaka yangu anataka baba yake awe walii, na amechagua hivyo akiwa mtu mzima. Wasifu ukilisema hilo kama chaguo lake, msomaji haoni mtoto aliyefungwa. Anamwona mwanamke mwenye wazee.

Tofauti huonekana katika kiwakilishi. «Baba yangu anataka mshenga atangulie» humfanya baba kuwa kizuizi kilichosimama kati ya watu wawili. «Kwetu mgeni wa ndoa hutanguliwa na mshenga, nami napenda iwe hivyo» inaeleza jambo lile lile, ila mwandishi amesimama upande wa nyumba yake. Kama huwezi kuiandika sentensi ya pili kwa ukweli, kwa maana kwamba moyoni hukubaliani na matarajio hayo, tatizo lako halimo katika maandishi, na hakuna maneno yatakayolifunika mpaka mwisho. Rudi kwanza kwa wazee.

Jambo moja zaidi humtoa msomaji hofu: kutaja ni lini jamaa wataingia. Wengi hudhani mshenga anatakiwa wiki ya kwanza. Akiambiwa kwamba ninyi wawili mtaongea kwa simu, mtaonana mara kadhaa mahali pa wazi, na mshenga atakuja mtakaporidhiana, anapata nafasi ya kupumua, naye mzee hapotezi kitu.

Dalili ndogo mbili: maombi ya pesa, na majirani wanaokutambua

Ukipokea maombi ya pesa mapema, tazama kama umetaja nyumba, kiwanja, mshahara au biashara kubwa. Viondoe, kutaja shughuli yako kunatosha. Wanaume kwa upande wao huogopa kuliwa nauli, na hofu hiyo ina msingi kwa mtu aliye mbali na huku mwisho wa reli. Sentensi «anayekuja hujigharamia, nami nikija nitajigharamia» inamaliza shaka ya pande zote mbili.

Ikiwa watu wa mtaani wameanza kukuuliza, umetaja mambo mengi mno kwa pamoja. Mwalimu, miaka 34, shule fulani, mtaa fulani: katika mji wa ukubwa wa Kigoma huyo ni mtu mmoja tu. Acha jina la shule na la mtaa, na usiweke kamwe jina wala picha ya mtoto. Mzee mmoja wa nyumbani aone maandishi kabla hayajatoka, ili siku jirani atakapoyapeleka kwake kama habari, awe anayajua tayari.

Maandishi yaliyorekebishwa

Tulikaa jioni mbili. Matokeo yalikuwa haya:

«Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa miaka 34, Muislamu, ninaishi Kigoma. Niliwahi kuolewa, talaka ilikamilika mahakamani na eda imekwisha. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9 ninayeishi naye, na nitaendelea kuishi naye. Natafuta mume kwa ndoa ya mke mmoja, ndani ya mwaka mmoja tangu kufahamiana. Nyumba niliyolelewa haikuwa na pombe, na yangu pia haina. Jioni hupenda kupika samaki huku mwanangu akinisomea hadithi, na Jumamosi huwa kwa wazazi wangu. Nitafurahi kumfahamu Muislamu wa miaka kati ya 38 na 45, mwenye shughuli halali inayomtosha kuendesha nyumba na asiyechoka kuongea na mtoto. Tuanze kwa simu, kisha tuonane mahali pa wazi, kila mmoja akijigharamia. Tukiridhiana, kwetu mgeni wa ndoa hutanguliwa na mshenga, nami napenda iwe hivyo. Naweza kuhama nikipata uhamisho wa kumfuata mwenza, ila likizo nitakuwa Kigoma kwa wazee. Ukiniandikia, niambie hali yako ya ndoa na nani kwenu angekuwa mshenga.»

Sentensi ya samaki na hadithi niliing'ang'ania, ingawa yeye aliiona ya kitoto. Bila hiyo maandishi yote ni taratibu, na msomaji angejua jinsi ya kumposa bila kujua anamposa nani. Uchangamfu hautokani na maneno «mpole» au «mwenye upendo», ambayo kila mtu hujiandikia. Unatokana na jambo dogo la kweli ambalo mtu mwingine anaweza kujiona amekaa ndani yake. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi maalumu: inampa anayefaa kitu cha kujibu, na inampa asiyefaa swali ambalo hawezi kulijibu bila kujifichua.

Ukishaweka maandishi mapya, yaache kwa wiki mbili kabla ya kugusa tena, na ukigusa, badilisha sentensi moja tu, la sivyo hutajua ni ipi iliyosaidia. Ujumbe wake ulipungua sana, jambo lililomtisha siku za mwanzo. Waliomwandikia katika wiki hizo mbili walikuwa saba. Wawili waliandika «mambo». Mmoja hakutaja hali yake ya ndoa, na alipoulizwa hakurudi. Wanne walijibu yote mawili, ingawa mmoja wao alikuwa na miaka 52 na mwingine alitaka ahame mara moja. Wasifu hauthibitishi kwamba mtu anasema kweli, na ndiyo maana hali ya ndoa ya hao wawili waliobaki itaulizwa nyumbani kwao, na kwa watu wanaowafahamu, kabla ya lolote.

Mmoja wao, fundi wa boti, aliandika kwamba baba yake amefariki na mjomba wake anakaa Uvinza, akauliza kama mshenga anaweza kuwa mjomba wa kikeni, au kwao anatakiwa mtu wa upande wa baba. Swali hilo nilimpelekea kaka yangu jioni ile ile.